Nilivyonyoosha barua pepe ya oda iliyochelewa

Niliiandikia famasi ya hospitali moja hapa Mombasa, mteja wetu: "Naomba mthibitishe oda yenu iliyochelewa." Wakajibu: "Tumethibitisha." Wamethibitisha nini? Kwamba bado wanaitaka, au wameona ujumbe? Mzee wa stoo yetu akacheka: "Mwanangu, hapo hujauliza kitu." Tena "oda yenu iliyochelewa" ilisomeka kana kwamba kosa ni lao.

Nikaandika upya:

"LPO 0417, katoni 20 za dripu ya chumvi. Tumechelewa sisi, samahani. Tutaleta Alhamisi tarehe 14, saa 4 asubuhi. Je, bado mnahitaji zote 20? Naomba jibu kufikia Jumatano saa 6 mchana."

Hilo "asubuhi" nililisahau mwanzoni. Saa 4 pekee wengine huisoma kwa saa za Kizungu, yaani saa 10 alasiri.

Jibu likaja upesi: "Leteni 12, nyingine tumeshanunua kwingine."