Blenda ya Mama na Pesa Zilizorudi Vipande Viwili

Jagi la blenda lilifika Kibokoni likiwa na ufa chini, mwembamba kama unywele. Mama alilijaza maji, yakachirizika juu ya meza. "Rudisha, mwanangu," akasema, akarudi kwenye mbuzi yake ya nazi.

Oda yenyewe ilikuwa ya shilingi 6,400: blenda 3,200, pasi 1,800, birika la umeme 1,400. Kwenye waleti ya lile duka la mtandaoni nilikuwa na 1,600, nikazitumia zote, na 4,800 zilizobaki zikakatwa kwenye kadi ya benki. Nikajua kurudisha blenda ni kupata 3,200 kwenye kadi, nishuke Marikiti nikanunue nyingine siku hiyohiyo.

Siku ya pili baada ya duka kuipokea blenda, ikaja arafa: 1,600 imeingia waleti. Basi. Nikapiga simu nimewaka, nikidhani wamenila nusu. Kijana aliyepokea alinijibu kwa upole kwamba kwao waleti hurudishiwa kwanza mpaka kiasi kilichotoka humo, kisha salio ndilo huenda kwenye kadi. 1,600 nyingine ilikuwa njiani, ningoje siku za kazi.

Jioni nikamweleza binamu yangu, anayeshika hesabu za duka moja Digo Road. Hakunionea huruma hata. "Wangeweza kugawa kwa uwiano," akasema, akaandika nyuma ya risiti ya mkate. Waleti ililipa robo ya oda, basi robo ya 3,200, yaani 800, ingerudi huko, na 2,400 kwenye kadi. Kila duka lina kanuni yake, na mimi sikuwa nimeisoma. Nikamuuliza: na nikirudisha pasi na birika pia? Akacheka. Waleti imeshapata yake yote, kwa hiyo 1,800 na 1,400 zingekwenda kadi, jumla 3,200, sawasawa na kilichobaki pale. Kadi hairudishiwi zaidi ya ilichokatwa.

Shida yangu haikuwa hesabu. Ilikuwa kwamba nusu iko waleti, na Marikiti hawaijui, na nusu imo njiani baina ya benki mbili. Wala moja haikutosha blenda.

Siku ya sita bado kadi kimya. Binamu akanambia niwaombe duka nambari ya kumbukumbu ya marejesho, ile ndefu ya tarakimu 23, niipeleke benki. Bila nambari hiyo, benki hutafuta kwa kubahatisha tu. Nikaipata, nikaipeleka, na siku ya nane 1,600 ikaonekana kwenye taarifa ya kadi.

Nikarudi dukani kulekule, kwa shingo upande, nikaagiza blenda ileile. Waleti 1,600, kadi 1,600. Safari hii nilipiga picha ukurasa wa malipo kabla ya kubonyeza.

Mama alikuwa ameshazoea mbuzi.