Kontena tupu lilivyokuwa likinila faida kati ya Dar na Kigali

Nilipoanza kuagiza marumaru kutoka nje kuja Kigali, niliamini adui yangu ni umbali. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi hapa ni takribani kilomita 1,450, na kila aliyenishauri alianza na nauli ya lori. Kwa hiyo nilihangaika na nauli. Nilipiga simu kwa wenye malori wanane, nikabembeleza, nikapunguziwa kidogo, nikajiona mjanja. Hasara ilikuja na njia ambayo sikuwa nimeiwekea hata mstari mmoja kwenye daftari langu la hesabu: makontena matupu.

Mzigo ule wa kwanza ulikuwa makontena manne ya futi 20, kila moja na tani 24, jumla kama mita za mraba 4,800 za marumaru. Kontena si mali yako, ni la kampuni ya meli. Mwenye duka wa Dar akitoa mzigo wake, kontena linarudi kesho yake. Langu lilipaswa kupanda hadi Kigali, kushushwa mzigo, kisha kuteremka tena safari nzima likiwa tupu. Kwa sababu hiyo kampuni ya meli ilidai amana ya dola 1,000 kwa kila kontena kabla hayajatoka bandarini. Dola 4,000 zikalala.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba bandarini kuna saa mbili zinazokimbia kwa wakati mmoja. Moja ni ya bandari: mzigo ukikaa pale kupita siku za bure, unalipia nafasi. Mzigo wa transiti hupewa siku nyingi kidogo kuliko wa ndani, kwa hiyo saa hii haikuniumiza. Ya pili ni ya kampuni ya meli, nayo haisimami mzigo unapotoka getini. Inaendelea kuhesabu njiani, mpakani, kwenye ghala lako, hadi kontena tupu lipokelewe kwenye yadi yao. Siku ikizidi, unalipa demareji. Wakala wangu wa forodha alinitajia siku 14 za bure, nami nikasikia 14 nikadhani ni za kutoa mzigo bandarini.

Siku zenyewe zilikwenda hivi. Makontena yalishuka melini siku ya 1. Hati ya shehena, ile halisi yenye mhuri, ilikuwa bado iko njiani kwa kuria, ikafika siku ya 6. Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kodi ya Rwanda unailipa Rwanda kabla mzigo haujaondoka Dar, jambo zuri kwa kweli, ila ni lazima hati ziwe zimekamilika. Nililipa siku ya 9. Ruhusa ya kutoa ikapatikana siku ya 11, malori yakapakia siku ya 13 na kuondoka ya 14. Yalipoanza safari, siku zangu za bure zilikuwa zimekwisha.

Kigali yalifika siku ya 19, tukashusha siku ya 20. Nikadhani mateso yameisha. Lakini mwenye malori hakuwa na haraka ya kurudi na makontena matupu. Alikuwa anatafuta mzigo wa kushuka nao, akakaa siku kadhaa, akakosa, ndipo akateremka. Makontena yalipokelewa siku ya 31. Hesabu ya kampuni ya meli ilikuwa dola 20 kwa siku kwa wiki ya kwanza ya kuchelewa, kisha 40. Siku 17 za ziada: saba kwa 20 ni 140, kumi kwa 40 ni 400. Jumla 540 kwa kontena, 2,160 kwa yote manne. Walikata kwenye amana, wakanirudishia 1,840, na hizo nazo nilizisubiri.

Gawa 2,160 kwa mita 4,800: senti 45 kwa kila mita. Faida niliyotarajia ilikuwa dola moja na senti 20 kwa mita. Zaidi ya theluthi moja ya faida yangu ilikuwa imelipa kodi ya masanduku ya chuma yasiyo na kitu ndani.

Nilinuna wiki nzima. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unazipa nchi zisizo na bahari haki ya kupita kwa jirani, na kwamba mzigo unaopita usitozwe ushuru, isipokuwa malipo ya huduma. Nikamsomea wakala wangu kwenye simu kwa hasira. Akacheka, akasema, "Dada, mbona hujatozwa ushuru? Hiyo ni huduma." Alikuwa sahihi. Gharama nyingi za kukosa bahari haziitwi ushuru, zinaitwa huduma, na kila siku unayochelewa ni huduma nyingine.

Mzigo wa pili niliuanza upya kuanzia kwenye mazungumzo na muuzaji. Siku za bure huombwa kabla meli haijapakia, wakati nafasi inakatwa. Ukishapata kontena bandarini, hakuna wa kukusikiliza. Nilimwambia muuzaji aombe siku 21 na ziandikwe kwenye hati ya shehena yenyewe. Pia nilimtaka baada ya kulipwa aachilie hati kwa mtandao badala ya kutuma karatasi kwa kuria, na rasimu yake niipate meli ikiwa bado baharini. Hivyo wakala aliwasilisha tamko la forodha kabla meli haijafika. Siku zile za mwanzo za kusubiri karatasi zilitoweka.

Lakini dawa yenyewe ilikuwa nyingine: nisilipandishe kontena kabisa. Mzigo unatolewa ndani ya kontena palepale Dar, kwenye bandari kavu, chini ya macho ya afisa wa forodha, unapakiwa moja kwa moja kwenye tela, na kontena tupu linarudi yadini kesho yake. Wenyewe wanaita kustripu. Kwangu lilikuwa na faida ya pili ambayo sikuitegemea. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, lori la ekseli sita linaruhusiwa tani 50 kwa jumla: ekseli ya usukani 8, mbili za nyuma ya kichwa 18, tatu za tela 24. Kichwa na tela jepesi vikiwa na tani kama 17, zinabaki tani 33 za mzigo. Makontena manne ya tani 24 ni tani 96, na 96 ukigawa kwa 32 ni malori matatu. Nauli ya lori la nne ikabaki mfukoni.

Ikabaki, ila haikuja bure. Lori la tatu lilipakiwa jioni, vijana wamechoka, wakaanza kusukuma paleti kutoka nyuma na kuzipanga palepale karibu na mkia kwa kuwa foklifti ilikuwa inaondoka. Kwenye mizani, uzito wa jumla ulisoma tani 49, safi. Ekseli tatu za tela zikasoma 26. Dereva alinipigia akiwa amekata tamaa, "Mama, jumla iko sawa lakini nyuma tumezidisha." Ikabidi turubai lifunguliwe, ikatafutwa foklifti ya kukodi, paleti zikasogezwa mbele kuelekea kichwani. Siku moja na nusu ikapotea. Tangu hapo ninamtuma mtu wangu asimame na chaki: paleti nzito zianzie mbele, na mita ya mwisho ya tela ibaki wazi. Tani 32 zikipangwa vibaya ni kosa, zikipangwa vizuri zinapita.

Kitu kingine ni karatasi ya hesabu. Wakati wa kustripu, kila paleti na kila boksi lililovunjika linaandikwa, na wote wanasaini: forodha, bandari kavu, wakala, dereva. Kodi nimeshalipia idadi fulani, na lori likifika Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, na idadi tofauti, ni mimi ninayetakiwa kueleza tofauti ilikwenda wapi. Turubai nalo lazima liwe na pete na kebo inayozunguka tela lote, la sivyo lakiri ya kielektroniki haina pa kufungwa. Tela langu moja lilikataliwa kwa pete mbili zilizong'oka. Fundi alichomelea saa moja, sisi tukasubiri saa sita.

Marumaru zilizovunjika zilifika karibu asilimia 2, juu ya nilivyozoea, na kuna malipo ya vibarua na foklifti. Ukijumlisha vyote bado nilikuwa nimeokoa, kwa sababu makontena yalirudi siku ya 9 na demareji haikuanza. Amana niliipata kabla marumaru za kwanza hazijauzwa. Bima ndiyo iliyonishtua. Ya awali ilifunika mzigo "ndani ya kontena hadi ghalani", na kontena likishafunguliwa Dar, sina bima. Niliiandikisha upya ikitaja wazi kuhamishwa kwa mzigo. Kwa hiyo simshauri mwenye simu, dawa au vyakula vya baridi afanye hivi. Sili ya kiwandani kwake ina thamani kuliko demareji.

Kuna kingine ambacho ujanja huu haukigusi. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulipofungwa Februari 2019, waliokuwa wakipitisha mizigo Mombasa kupitia Uganda walilazimika kutafuta njia nyingine, na ulifunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Mimi nilikuwa ninatumia Rusumo, sikuguswa moja kwa moja, ila ilinifundisha kuweka akiba ya wiki sita ghalani. Akiba hiyo ni pesa iliyolala chini ya turubai. Mwenzangu mwenye duka karibu na bandari anaweka ya wiki mbili na analala usingizi.

Mwezi uliopita malori matatu yalishusha asubuhi, yakamaliza kabla ya saa nane. Dereva alikunja turubai, akanawa uso kwenye bomba, akaniuliza, "Mama, huna mtu mwenye mzigo wa kushuka Dar?" Kahawa na chai za msimu zilikuwa zimekwisha kusafirishwa. Nikampigia mtu mmoja, akasema labda Alhamisi. Dereva akatazama tela lake refu, tupu, akasema hapana, tajiri wake anataka gari lirudi leo. Nauli niliyomlipa tajiri huyo ilikuwa tayari na safari ya kurudi ndani yake.