Ukurasa wa wifi uliokataa kutokea, na vile nilikuta mkosaji ni mimi mwenyewe

Naandika hii bado niko na hasira kidogo, juu nilipoteza karibu saa mbili nikifuata mashauri ya watu huku koponi ya wifi iko mfukoni inanicheka. Nililipa kama franga elfu mbili na kitu, sikumbuki vizuri, na soda mbili juu yake maana ukikaa pale bila kununua kitu wanakuangalia vibaya.

Ni hapa Bukavu, upande wa Muhumba, kuko nyumba moja ya wageni yenye wifi ya koponi. Unalipa, dada wa resepsioni anakupa kikaratasi cha kode, unakonekti, ukurasa unatokea wenyewe, unaandika kode, basi. Mega zangu zilikuwa zimeisha na niko na dosie ya kutuma kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nikajaribu kwanza na telefoni, ukurasa ukatokea haraka tu. Lakini kode ni ya kifaa kimoja na dosie iko kwenye mashini, kwa hiyo nikafunga telefoni na kufungua mashini. Hapo ndipo taabu ilianza. Wifi imekonekti, alama zote zimejaa, ukurasa hakuna.

Dada akaniambia, "Papa, zima kisha uwashe." Nikazima, nikawasha. Nikasahaulisha rezo, nikaikonekti tena. Kijana mmoja pembeni akasema ni saa ya mashini, nikakagua saa, iko sawa. Nikamwita mkubwa mmoja wa kwetu, yule kila mtu anampigia kompyuta ikigoma, akanijibu kama daktari asiyemwangalia mgonjwa: "Weka DNS 8.8.8.8, itatembea." DNS ni ile mashini inauliza ili jina la saiti ligeuzwe kuwa namba. Nikafungua mipangilio na kukuta 8.8.8.8 iko pale tayari! Nikampigia tena. Akasema "basi weka 1.1.1.1." Nikaweka. Hakuna. Nikarudisha 8.8.8.8. Wakati huo wote nilikuwa naandika facebook.com na gmail.com kwenye Chrome, kiduara kinazunguka, kinazunguka, mwisho `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`.

Hapa nisimame kidogo, juu wengi tunakosea palepale. Ile wifi ni kama barieri ya barabarani. Pikipiki iliyobeba mzigo wazi ikifika, mtu wa barieri anaweza kuusimamisha, kutoa karatasi iliyomo na kuweka yake: "nenda ofisi ile ulipe kwanza." Hiyo ni HTTP ya kawaida. Lakini HTTPS ni lori lililofungwa na sili. Anaweza kulizuia lisipite, ila hawezi kuweka karatasi yake ndani bila kuvunja sili, na brauza ikiona sili imevunjwa inakupigia kelele ya cheti kibaya, na kwa saiti kubwa hata kitufe cha kuendelea hakipo. Na siku hizi ukiandika facebook.com peke yake, brauza inakwenda moja kwa moja kwenye HTTPS. Kwa hiyo ningeandika gmail.com mpaka kesho, ule ukurasa usingekuja.

Ndiyo maana Windows yenyewe, ukikonekti tu, inatuma pikipiki ya majaribio, yaani HTTP tupu, kwenda `http://www.msftconnecttest.com/connecttest.txt`. Ikirudi na maneno `Microsoft Connect Test`, inajua njia iko wazi. Ikirudi na kitu kingine, inajua kuko barieri, inakufungulia brauza.

Sasa aibu yangu. Brauza ILIKUWA inafunguka! Kila nikikonekti, ukurasa mmoja unajifungua, unakufa, na mimi naufunga mbio nikifikiri ni matangazo ya ile programu ya filamu niliyoichukua vibaya. Labda mara sita niliufunga. Mara ya saba mkono ulichoka, nikauacha, nikasoma pale juu kwenye adresi. Palikuwa pameandikwa `http://portail.wifi/login` na chini yake `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN`.

Yaani barieri ilikuwa imenisimamisha vizuri kabisa na kunipa karatasi ya kwenda ofisini. Shida, jina la ofisi hiyo hakuna mtu anayelijua nje ya ile nyumba. `portail.wifi` si jina la internet, ni jina ambalo ruta yao tu inalijua. Mashini yangu ilikuwa haiulizi ruta yao, ilikuwa inauliza 8.8.8.8, ya Google, nayo inajibu kwa haki kabisa: jina hilo halipo. Telefoni ilifaulu juu DNS yake ilikuwa ya kupewa na rezo.

Nikataka kuhakikisha kabla ya kushangilia. `ipconfig` ikanionyesha "Passerelle par défaut" ni 10.10.0.1, ndiyo ruta. Nikauliza jina lilelile mara mbili, kwanza kwa DNS yangu, kisha kwa ruta:

```
nslookup portail.wifi
nslookup portail.wifi 10.10.0.1
```

Ya kwanza: halipo. Ya pili: 10.10.0.1. Nilipiga meza, dada akashtuka.

Kuponya ni mistari miwili ya kurudisha DNS ya kupewa na rezo, kwenye dirisha jeusi lililofunguliwa kama administrateur:

```
netsh interface ip set dns name="Wi-Fi" source=dhcp
ipconfig /flushdns
```

Nikakata wifi, nikakonekti tena, ukurasa ukaja na ua lake na maneno ya karibu. Ukiwa na haraka sana unaweza pia kuandika `http://10.10.0.1` tu, yaani namba ya ruta yako mwenyewe, mara nyingine inafungua, lakini ukurasa ukikurudisha tena kwenye jina, unakwama palepale. Na kama brauza haijifungui, andika `http://neverssl.com`, na hiyo http:// uiandike kweli, usiiruke. Ile saiti iliwekwa makusudi bila HTTPS, ni pikipiki ya wazi.

Nilikuwa naanza kujisifu, papa mmoja mgeni akaniletea mashini yake na shida ileile. Nikaandika mistari yangu miwili kwa kiburi, hakuna kitu. DNS yake ilikuwa automatiki tangu mwanzo. Nikajaribu `nslookup portail.wifi`, inajibu vizuri, lakini Chrome inakataa. Kumbe ndani ya Chrome, kwenye usalama, mtu alimwekea "Utiliser un DNS sécurisé" na kuchagua mtoaji. Hapo Chrome inaacha DNS ya mashini na kuuliza ya kwake kwa HTTPS, tena lile lori la sili ambalo barieri hairuhusu kabla hujaingia. Tukaizima, ukurasa ukatokea, akaingia, nikamwambia airudishe akimaliza, juu yenyewe si kitu kibaya. VPN inayojiwasha yenyewe inafanya mchezo uleule, izime kwanza.

Dosie ilitoka saa kumi na moja na dakika arobaini na kitu.

Jioni nikakumbuka nani aliweka 8.8.8.8 kwenye mashini yangu. Ni mimi, mwaka jana, rezo ya nyumbani ilikuwa pole, nikampigia mkubwa yuleyule.