Testi ya saa saba na nusu usiku

Hii ni ya 2023, mwezi wa tatu, bado nikiikumbuka najicheka. Tulikuwa tumepanga kachumba Sinza, juu ya duka la vipodozi, tunatengeneza mfumo wa mauzo kwa ajili ya sheli moja ya hapa mjini, ile inayouza mafuta masaa 24. Kazi yangu ilikuwa ripoti ya siku, yaani kila mauzo yaingie kwenye tarehe yake, basi.

Sasa meneja wa sheli alikuwa ananisumbua kwamba mauzo ya tarehe mosi yamepungua, na mimi nikamjibu kwa kujiamini kabisa, bosi hebu angalia vijana wako wa shifti ya usiku kwanza. Ila ili nijilinde nikaandika testi moja ya usiku: mteja kajaza mafuta saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, ripoti iseme tarehe 1 Machi. Kwenye laptopu yangu kijani. Nikapushi nikashuka kutafuta chipsi mayai.

Narudi nakuta paiplaini, ile mashine ya mtandaoni inayopiga testi kila nikipushi, ni nyekundu.

```
assert datetime.date(2023, 2, 28) == datetime.date(2023, 3, 1)
```

Nikairusha tena nikijua ni mtandao tu, nyekundu. Mara ya tatu, nyekundu, na kosa ni lilelile neno kwa neno. Hapo ningekuwa na akili ningejua hii sio testi ya kubahatisha, testi ya kubahatisha leo inafeli kesho inapita, hii inafeli kila mara kwa jibu moja, maana yake kuna kitu kwenye ile mashine hakibadiliki na kwangu hakipo. Lakini mimi nikaanza kufuta laibrari zote na kuzipakua upya, nikala bando la siku nzima, nikaliklon repo kwenye folda jipya, nikahakikisha Python ni toleo lilelile. Kwangu kijani tu. Masaa mawili hayo.

Dada tuliyekuwa naye ofisini, mkubwa kwangu kikazi na kiumri, akasogea na chai yake akaisoma ile mistari, akauliza, "Dogo, hiyo mashine huko iliko ni saa ngapi?"

Nikaongeza mstari mmoja kwenye paiplaini, amri ya `date`, kabla ya testi. Huku kwetu ilikuwa saa kumi jioni na dakika, yenyewe ikaandika saa saba mchana, na pembeni imeandika UTC. Masaa matatu nyuma. Kodi yangu ilikuwa hivi:

```python
siku = datetime.fromtimestamp(ts).date()
```

Hapo Python haijaambiwa saa za wapi, kwa hiyo inachukua saa za mashine inayoiendesha. Laptopu yangu iko Dar, saa saba na nusu usiku ni tarehe 1. Mashine ya paiplaini iko UTC, muda uleule kwake ni saa nne na nusu usiku, bado tarehe 28 Februari. Na ndio maana testi zangu nyingine zote zilikuwa zinapita, nilizipa mauzo ya mchana, na kuanzia saa tisa usiku mpaka saa sita usiku inayofuata tarehe ya Dar na ya UTC ni moja. Bagi lilikuwa linaishi kwenye yale masaa matatu tu.

Nikalithibitisha kwangu:

```
TZ=UTC pytest tests/test_ripoti.py
```

Nyekundu! Sijawahi kufurahia nyekundu kiasi kile. (Hii ni kwa Linux na Mac, jamaa yetu wa Windows aliijaribu ikamgomea.)

Halafu nikafanya ujinga wa pili, nikaweka `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` kwenye mipangilio ya paiplaini, kijani ikarudi, nikanyoosha mikono juu. Dada akanikata stimu, "Na seva ya mteja je, nayo iko Dar?" Haikuwa. Ilikuwa UTC vilevile. Kumbe paiplaini ndio ilikuwa inasema ukweli, laptopu yangu ndio inanidanganya, na mimi nilikuwa nataka kuifundisha paiplaini nayo idanganye.

Nikaitoa, nikarekebisha kwenye kodi yenyewe:

```python
DAR = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")
siku = datetime.fromtimestamp(ts, DAR).date()
```

Ikapita kwangu, ikapita na `TZ=UTC`, ikapita kule. Bahati nzuri kwenye databesi tulikuwa tunahifadhi ile namba ghafi ya muda, hakuna data iliyoharibika, ilibidi tu ripoti zipigwe upya, na mauzo ya usiku yakahama kutoka Februari kwenda Machi.

Kumpigia meneja ndio ilikuwa kazi. Nikamwambia bosi ile hesabu ya tarehe mosi ilikuwa kosa letu, sio vijana. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na yule kijana niliyemkata hela je?"

Tukailipa sisi.