Video ya skrini isiyo na sauti, na maandishi yanayofifia WhatsApp

Video ilikuwa ya kuwaonyesha wenzangu kazini namna ya kujaza fomu ya malipo kwenye simu. Ilirekodiwa vizuri, lakini maelezo ya mdomo hayakusikika, na ilipofika kwao tarakimu zilikuwa ukungu mtupu.

Sauti kwanza. Kirekodi cha Android, kuanzia toleo la 11, huuliza chanzo cha sauti kabla ya kuanza. Ukichagua `Device audio`, kinachukua milio ya simu tu. Sauti yako haimo. Nilichagua `Microphone`. Kwenye iPhone, bonyeza kitufe cha kurekodi kwa muda bila kuachia, kisha washa `Microphone`. Washa pia hali ya kutosumbuliwa, la sivyo ujumbe wa nyumbani utapita juu ya somo. Rekodi sekunde kumi za majaribio, usikilize.

Kukata video nilifanyia kwenye kompyuta, kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -ss 6 -i somo.mp4 -t 190 -c copy fupi.mp4
```

Hii inaruka sekunde 6 za mwanzo na kubakiza 190. Kwa kuwa `-c copy` haisimbi video upya, ubora haupungui, ila mkato unaweza kuangukia kabla kidogo ya pale ulipotaka.

Ukungu ulitokana na kuituma kama video ya kawaida, maana WhatsApp huibana. Niliituma tena kupitia `Document`, faili likafika lilivyo, na kila tarakimu ikasomeka.