Nilivyoigawa anwani ya kache: tagi, indeksi na ofseti kwenye kilobaiti 8

Kwenye somo la muundo wa kompyuta, maswali ya kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, yalinisumbua kuliko mengine yote. Unapewa ukubwa wa kache, ukubwa wa bloku na urefu wa anwani, kisha unaulizwa: tagi ni biti ngapi, indeksi ngapi, ofseti ngapi? Daftarini nilikuwa na fomula tatu, na swali likibadilishwa kidogo tu, zote zinagoma. Nikaziweka pembeni, nikachagua kache moja ya kweli na kuifuatilia mpaka nikaielewa.

Niliyoichagua ni kache ya data ya prosesa ya Alpha 21064, iliyotolewa na kampuni ya DEC mwaka 1992. Ina kilobaiti 8, kila bloku, yaani kipande cha data kinacholetwa kwa mkupuo, ni baiti 32, na anwani halisi ya kumbukumbu ina biti 34. Ni kache ya moja kwa moja, maana yake kila bloku ya kumbukumbu kuu ina nafasi moja tu inayoruhusiwa kukaa. Hakuna kuchagua.

Nilianzia kulia kwa anwani, na tangu hapo sijawahi kuanzia kwingine. Ndani ya bloku kuna baiti 32, na ili kuitaja baiti mojawapo unahitaji biti 5, kwa kuwa 2^5 ni 32. Hiyo ndiyo ofseti. Kisha nikauliza: kache hii ina nafasi ngapi? Baiti 8192 ukizigawa kwa 32 unapata 256, na 2^8 ni 256, kwa hiyo indeksi ni biti 8. Mpaka hapa urefu wa anwani haujahusika kabisa, na hili ndilo lililonifungua macho. Biti 34 zinaingia mwishoni tu: ukiondoa 5 na 8, zinabaki 21, nazo ndizo tagi, zinazotambulisha ni bloku ipi hasa imekaa kwenye nafasi hiyo. Anwani ingekuwa ya biti 40, ofseti na indeksi zisingeguswa. Tagi peke yake ingerefuka na kuwa biti 27.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kuhesabu: anwani inahesabu baiti au maneno? Swali likisema bloku ina maneno 8 ya baiti 4 na anwani ni za baiti, ofseti ni biti 5, kwa sababu mbili kati yake zinachagua baiti ndani ya neno. Anwani zikiwa za maneno, ofseti ni biti 3 tu. Mimi hupigia mstari sentensi hiyo ya swali kabla ya kitu kingine chochote.

Kujua idadi ya biti hakutoshi, lazima uweze kuikata anwani yenyewe. Nilichukua 0x1A6F4. Tarakimu moja ya heksadesimali ni biti 4, lakini ofseti yetu ni biti 5, kwa hiyo mpaka unapita katikati ya tarakimu. Ukijaribu kukata kwa macho ukiwa bado kwenye heksadesimali, utasema ofseti ni 4 au F4, na zote si sahihi. Dawa ni kuiandika kwa binari:

```
0x1A6F4 = 0001 1010 0110 1111 0100

tagi     | indeksi  | ofseti
0001 101 | 00110111 | 10100
   13    |    55    |   20
```

Sifuri za mbele sikuziandika, zote ni za tagi. Kisha nikahakiki kwa njia nyingine kabisa, kwa namba za kawaida. 0x1A6F4 ni 108276. Ukigawa kwa 8192 unapata 13 na baki ni 1780. Baki hiyo ukiigawa kwa 32 unapata 55, na inabaki 20. Njia zote mbili zimekubaliana. Kwenye C, kazi yote ni mistari mitatu:

```c
ofseti  = anwani & 0x1F;
indeksi = (anwani >> 5) & 0xFF;
tagi    = anwani >> 13;
```

Rafiki yangu tuliyekuwa tukisoma naye alitazama mchoro akauliza, "Sasa kaka, kwa nini indeksi ikae katikati? Si tungeichukua kushoto kabisa, tagi ndiyo ifuate?" Ni swali zuri mno, tukalipigia hesabu. Biti 8 za kushoto zikiwa indeksi, zinabaki biti 26, kwa hiyo megabaiti 64 nzima za kumbukumbu zinazofuatana zitakuwa na indeksi moja. Programu inayosoma safu ndogo ya kilobaiti 8 ingegombania nafasi moja, na nafasi 255 zingekaa tupu. Indeksi ikiwa karibu na ofseti, bloku jirani zinakwenda nafasi jirani, na safu hiyo inaenea kwenye kache yote.

Tagi yenyewe inahifadhiwa ndani ya kache pamoja na data, na biti moja inayosema kama nafasi ina kitu cha kuaminika. Kwa hiyo kila nafasi inabeba biti 256 za data, 21 za tagi na hiyo moja, jumla 278. Mara 256, unapata biti 71168, sawa na baiti 8896. Ile "kilobaiti 8" inayotajwa ni ya data peke yake, na swali likiuliza ukubwa wote wa kache ndipo jibu linapobadilika.

Niliandika programu ndogo ya kuiga kache hii ili nione tagi zikigongana. Niliweka safu mbili za namba nzima 2048, kila namba baiti 4: ya kwanza inaanzia 0x1A000, ya pili 0x1C000. Kitanzi kinasoma a[i], kisha b[i], mpaka mwisho. Namba a[445] ya safu ya kwanza ipo kwenye ile 0x1A6F4 yetu; mwenzake wa safu ya pili yupo 0x1C6F4, ambayo ukiikata unapata tagi 14, indeksi 55, ofseti 20. Indeksi ni ileile, tagi tofauti. Kila a[i] inaifukuza bloku ya b, na kila b[i] inaifukuza ya a. Usomaji wote 4096 ulikosa data ndani ya kache, ingawa kila bloku inayoletwa ina namba 8 ambazo zingesomwa mfululizo.

Dalili ni hiyo: anwani mbili zinazotumika kwa kupokezana, zikiwa zimepishana kwa 8192 au mara kadhaa ya 8192. Kuongeza kumbukumbu hakusaidii hapa, wala kubadilisha kitanzi kiende haraka. Niliacha baiti 32 tupu kati ya safu hizo, b ikaanzia 0x1C020, kwa hiyo kila b[i] ikawa nafasi moja mbele ya a[i]. Bloku ya a inapofika kwenye nafasi ya b, b imeshamaliza kuitumia na kusogea. Nikaiendesha tena: kukosa kukashuka hadi 512, yaani mara moja tu kwa kila bloku, idadi ndogo kabisa inayowezekana kwa safu hizo mbili kwenye kache inayoanza tupu.