Tangazo la nauli nililoliandika upya

Nilikuwa kitengo cha mawasiliano cha mamlaka moja ya usafiri nilipopewa tangazo la nauli za daladala, lililosainiwa Jumatatu tarehe 12 Februari 2024, nilisafishe kabla ya kubandikwa stendi Ijumaa tarehe 16. Lilisema hivi: "Kutokana na gharama za uendeshaji na kufuatia maombi ya wadau, imeonekana ni vema kurekebisha viwango vya nauli. Viwango vipya vitatumika siku 14 tangu kutolewa kwa tangazo hili, saa 6:00 usiku."

Tarehe ndiyo iliyonitisha. Ukihesabu siku 14 tangu saini, unapata tarehe 26 Februari. Ukihesabu tangu lilipobandikwa, unapata tarehe 1 Machi. Konda angeshika ya kwanza, abiria ya pili, na wangegombana siku nne nzima.

Nikaandika kwanza "usiku wa Ijumaa, tarehe 1 Machi". Mama muuza chai wa pale stendi akanisomea akasema, "Mwanangu, kwetu Pwani usiku wa Ijumaa ni Alhamisi ikishakuchwa." Alikuwa sahihi, maana kwa hesabu ya wengi siku huanza jua likizama. Nikaacha kabisa kutaja usiku. Nikaandika: "Nauli mpya itaanza Ijumaa, tarehe 1 Machi 2024, kwa daladala ya kwanza ya alfajiri. Alhamisi, tarehe 29 Februari, utalipa nauli ya zamani hadi gari la mwisho."

Kwenye sababu nililazimika kuomba jalada, kwa kuwa "gharama za uendeshaji" haimwambii mtu kitu, na "imeonekana" inaficha aliyeamua. Humo nilikuta wamiliki waliomba shilingi 700 wakitaja dizeli, matairi na foleni. Wahasibu wetu walikubali dizeli na matairi, foleni wakaikataa. Kwa hiyo foleni sikuiandika, maana haikuongeza hata senti. Nikaandika: "Nauli inapanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Wamiliki wa daladala waliomba 700 kwa sababu bei ya dizeli na matairi imepanda. Mamlaka imekagua hesabu zao na kuruhusu 600. Nauli ya mwanafunzi inabaki 200."

Neno "hadi" nililipigania. Mkuu wangu alikuwa ameandika "imepanda kwa 600", na anayeisoma hivyo anaweza kudhani atalipa 1,100. "Kurekebisha" nalo nililiondoa, kwani nauli ikirekebishwa huenda imeshuka.

Kabla ya kuchapisha nilirudi stendi na maswali mawili: Alhamisi saa tano usiku utalipa ngapi? Nani ameamua? Watu kumi walisoma, tisa wakajibu yote mawili sawasawa. Wa kumi, konda kijana, alidhani wamiliki ndio walioamua, kwa sababu wao ndio waliotajwa mwanzo. Nikageuza sentensi: "Mamlaka imeruhusu nauli ipande", kisha maombi yao yakafuata. Nikampa tena, akasoma, akasema, "Kumbe ni nyie."